Tovuti inasema ipo tangu 2009, kweli?

"Asalaam alaykum. Nimeona tovuti inakodisha nyumba Nungwi, wanasema wapo tangu 2009 na wanataka nusu ya pesa kwanza. Nitajuaje umri wake?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Fungua `lookup.icann.org`, andika jina la tovuti tupu, yaani lile linaloishia na `.com`, bila `https` wala mikwaju ya `/`. Tazama mstari wa `Created`. Ukikuta mwezi wa tatu mwaka huu, basi jina hilo halijakuwa mikononi mwao mfululizo tangu 2009. Huenda biashara ni kongwe na jina ndilo jipya, lakini hapo waulize jina lao la zamani.

Tarehe kongwe nayo isikulaze. Jina likiuzwa kabla ya kuisha muda, tarehe ya kwanza hubaki ileile, na wajanja hununua majina ya zamani kwa ajili hiyo hiyo. Kwa hiyo lipeleke jina hilo `web.archive.org` uone kurasa zake za nyuma. Ukikuta mwaka 2015 lilikuwa duka la viatu, umeshajua.

Kuhusu mwenyewe, usitarajie mengi. Tangu 2018 sehemu ya mmiliki mara nyingi husomeka `REDACTED FOR PRIVACY`, na hiyo peke yake si dalili ya utapeli. Na jina lililo kwenye `Registrar` ni muuza majina tu. Watu wengi humdhania ndiye mwenye tovuti.

Mimi ningemtuma mtu wa Nungwi aitazame nyumba kabla ya kutoa hata shilingi.