Amfuatilie mara ngapi?

"Msimamizi wangu mpya akigawa kazi, ama anamkalia mtu shingoni au anamtupia na kupotea. Amfuatilie mara ngapi?"

– Kila asubuhi mara moja, wote sawa.

– Hapo kwenye "wote sawa" sikubali. Inategemea mtu anaijua kazi hiyo kiasi gani, si miaka aliyokaa. Chukua hesabu ya stoo inayotakiwa Ijumaa. Aliyezoea apewe siku ya mwisho, aonwe mara 1 tu, Alhamisi. Anayeianza leo aoneshwe kwanza hesabu iliyokamilika, kisha Jumanne saa 4 alete ya rafu moja kabla hajagusa nyingine. Akiwa amechanganya katoni na vipande, hapo ni kurekebisha rafu moja. Kosa hilo likionekana Alhamisi, ni kurudia stoo nzima. Miadi ipangwe siku ileile ya kugawa kazi, ili msimamizi asipite mezani kwake kila saa. Akikuta kosa, asishike kalamu yeye. Auonyeshe mstari, mwenye kazi arekebishe. Kushika kalamu ndiko kunakoirudisha kazi kwa msimamizi, na wengi hawalioni hilo.

– Na kazi ya dharura je? Mimi zangu zote ni za dharura.