Barua ya hasira kwa shule: ilale muda gani, na ikaguliwe vipi?

Swali

Ninaishi Pasua, Moshi. Jumanne mwanangu wa darasa la nne katika shule ya serikali alirudishwa nyumbani, akafika saa tatu na nusu asubuhi, eti hajalipa shilingi 5,000 ya mitihani ya majaribio. Usiku huohuo nilimwandikia mwalimu mkuu barua ya kurasa mbili. Humo nimesema: "Mwalimu wa darasa ana roho mbaya, siku zote anawanyanyasa watoto wa maskini, na fedha mnazotutoza mnazila wenyewe." Jirani amenishauri niiache ilale kwanza. Ilale muda gani, na nikiirudia niangalie nini kabla ya kuipeleka?

Jibu la mhariri wetu wa barua na nyaraka

Dada yangu, jirani amekushauri vyema, ila ushauri wake una sharti ambalo wengi hulisahau: kinacholazwa ni barua, si kumbukumbu za tukio. Hasira ikipoa, kumbukumbu ya saa, majina na maneno yaliyotamkwa nayo hufifia. Kwa hiyo, kabla hujaiweka barua pembeni, andika katika karatasi nyingine mambo yenyewe bila maoni: tarehe, saa mtoto alipofika nyumbani, nani aliyemwambia aondoke, alitumia maneno gani, na kama wenzake walitolewa pamoja naye. Muulize mtoto kwa maswali yasiyomtilia maneno mdomoni. "Mwalimu alisema nini?" litakupa jibu la kutegemewa, "Mwalimu alikutukana, siyo?" litakupa jibu unalolitaka wewe.

Barua yenyewe ilale mahali ambapo haiwezi kuondoka kwa bahati mbaya. Daftari linafaa kabisa. Ukitumia simu, iandike katika sehemu ya kuhifadhi maandishi yako binafsi, wala usiiandike ndani ya kisanduku cha ujumbe cha kundi la WhatsApp la wazazi, kwa maana kidole kikiteleza hapo, wazazi wote wa darasa watakuwa wameisoma kabla mwalimu mkuu hajaiona.

Kwa jambo la aina hii usiku mmoja unatosha. Kama kesho yake bado unaisoma huku mikono ikitetemeka, ongeza usiku wa pili, lakini usiivushe wiki, kwa sababu malalamiko yanayochelewa ni rahisi kujibiwa kwamba mambo yalikwisha. Kipimo ninachokiamini ni hiki: ukikuta sentensi unayoipenda kwa sababu itamchoma mwalimu, barua haijawa tayari. Kulaza barua hakufai kabisa pale mtoto alipojeruhiwa au kufanyiwa jambo la aibu. Hapo unakwenda hospitali na polisi siku hiyohiyo, au unapiga simu ya msaada kwa watoto, namba 116.

Sasa ukaguzi. Wengi huanza na lugha, wakabadilisha maneno makali kwa maneno laini, na barua ikabaki haina kazi. Mimi nakushauri uanze na ombi: unataka shule ifanye nini, na kufikia lini? Katika maneno uliyoninukulia hakuna ombi hata moja, na mwalimu mkuu akimaliza kuyasoma hatajua afanye lipi, isipokuwa kumtetea mwalimu wake. Andika ombi lako juu ya karatasi safi, kisha usome barua yote ukijiuliza kila sentensi inalisaidiaje ombi hilo.

Baada ya hapo chukua kalamu na uweke alama kando ya kila sentensi: "niliona," "niliambiwa," au "nadhani." Hiki ndicho kipengele kizito kuliko vyote katika orodha yangu, kwa hiyo tuyapitie maneno yako polepole. "Ana roho mbaya" ni "nadhani," na hakuna mtu anayeweza kulithibitisha wala kulijibu, linaondoka. "Siku zote anawanyanyasa" lina maneno mawili ya hatari. Mwalimu akionyesha siku moja tu ambayo hakufanya hivyo, barua yote itaonekana imetiwa chumvi, na tukio la Jumanne, ambalo ni la kweli, litapotea humo. "Mnazila wenyewe" ni tuhuma ya wizi. Kama huna ushahidi, unampa mwalimu mkuu sababu ya kukulalamikia wewe, ilhali swali la halali lililofichwa ndani ya tuhuma hiyo, yaani fedha hizo ziliamuliwa na nani na zinasimamiwa na nani, linabaki bila kuulizwa. Ligeuze liwe swali.

Habari ya kutolewa darasani ni "niliambiwa," na inabaki, mradi useme wazi kuwa ni mtoto aliyekueleza. Saa aliyofika ni "niliona." Hapo ndipo barua yako ina nguvu.

Kipengele kinachofuata ni sheria na nyaraka. Wazazi wengi huutaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango katika shule za umma hadi kidato cha nne. Utaje iwapo tu umeusoma, kwa namba na mwaka wake, kwa sentensi moja. Kuandika "Serikali ilishakataza" bila kuonyesha wapi kunaipunguzia barua uzito.

Mwisho angalia mwandikiwa na nakala. Shule ya msingi ina mwalimu mkuu na kamati ya shule. Mkuu wa shule na bodi ni wa sekondari, na kuvichanganya kunaonyesha haraka. Barua ya kwanza iende kwa mwalimu mkuu peke yake. Ukiweka nakala kwa Mkuu wa Mkoa tangu mwanzo, unamnyima nafasi ya kulimaliza jambo ofisini kwake, na baadaye hutakuwa na ngazi ya kupandia. Ondoa pia majina ya watoto wa wenzako, hata kama nao walitolewa. Wazazi wao hawajakutuma.

Kurasa zako mbili zikipita katika ukaguzi huo, kiini chake kitakuwa hivi:

> YAH: KURUDISHWA NYUMBANI KWA MWANAFUNZI WA DARASA LA NNE
>
> Mwanangu alifika nyumbani Jumanne saa tatu na nusu asubuhi. Alinieleza kuwa mwalimu wa darasa aliwataka wanafunzi ambao hawajalipa shilingi 5,000 ya mitihani ya majaribio waondoke. Siku hiyo alikosa vipindi vyote vilivyobaki.
>
> Naomba aendelee na masomo wakati suala la malipo likizungumzwa nami mzazi. Naomba pia kujulishwa kwa maandishi mchango huo uliamuliwa katika kikao gani, na fedha zake zinasimamiwa na nani. Nitashukuru kupata majibu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

Juu yake weka anwani yako, tarehe na anwani ya shule. Chini, jina lako kamili, sahihi, namba ya simu, pamoja na jina na mkondo wa mtoto. Huenda ukahisi kwamba barua hii imemwachia mwalimu mno. Isome tena ukijiweka katika kiti cha mwalimu mkuu: hakuna neno la kukasirikia, na kuna maswali mawili ambayo hawezi kuyakwepa bila kukaa kimya, na kimya chake utakuwa nacho kwa tarehe.

Toa nakala mbili. Ipeleke mwenyewe badala ya kumpa mtoto, na uombe nakala yako igongwe muhuri au isainiwe kuwa imepokelewa. Ijumaa hiyo ikipita bila jibu, ambatisha nakala hiyo kwenye barua fupi kwa Afisa Elimu Kata, ukieleza tu kwamba uliandika siku gani na hujajibiwa.