Kabla Hujaweka Lengo la Siku 14: Ushauri kwa Mkuu Mpya wa Kitengo katika Halmashauri

Kila mwezi wa Julai, mwaka wa fedha unapoanza, wakuu wa vitengo katika halmashauri za Tanzania hukaa na watumishi walio chini yao ili wakubaliane malengo ya mwaka, vigezo vya kuyapima na muda wa kuyatimiza. Kwa takriban miaka ishirini makubaliano hayo yaliandikwa kwenye fomu ya OPRAS, na tangu mwaka 2023 yanaingizwa katika mfumo wa PEPMIS. Nimepimwa kwa utaratibu huo nikiwa afisa wa kawaida, na baadaye nikawapima wengine nikiwa mkuu wa kitengo. Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa kila mkuu mpya ayajue kabla hajatia saini lengo lake la kwanza.

Utaratibu huu haukuzaliwa serikalini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali za Uingereza na Nyuzilandi ziliamua kuendesha shughuli za umma kwa namna kampuni zinavyoendesha biashara: kuzigawa wizara kuwa wakala zenye watendaji wakuu, kuwapa watendaji hao mikataba ya utendaji, kupima matokeo kwa takwimu, na kumwita mwananchi mteja. Mwaka 1991 msomi Christopher Hood aliupa mwelekeo huo jina linalotumika hadi leo, yaani menejimenti mpya ya umma. Kwetu ulipita katika Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997, Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, na OPRAS yenyewe iliyoanza mwaka 2004. Kenya nayo ilianza mikataba ya utendaji kazi mwaka huohuo wa 2004, ikianzia kwenye mashirika ya umma.

Haki itendeke: OPRAS iliondoa jambo baya. Kabla yake mkuu aliandika taarifa ya siri juu ya mtumishi, na mtumishi hakuiona. Kupimwa waziwazi, kwa lengo ulilolijua tangu mwanzo wa mwaka, ni bora kuliko kuhukumiwa gizani. Kwa hiyo simshauri mtu aukwepe utaratibu huu au aujaze kwa kubahatisha. Namshauri aufahamu unakoharibika.

Nitaeleza kwa mfano wa vibali vya ujenzi, kwa kuwa ndiko nilikojifunza mengi, na takwimu nitazirahisisha ili hesabu ionekane vizuri. Chukulia kitengo kinaweka lengo kwamba asilimia 80 ya maombi ya vibali yajibiwe ndani ya siku 14. Katika robo mwaka yanaingia maombi 100. Afisa anayapitia, na 40 kati yake anayarudisha kwa waombaji ili wakamilishe nyaraka: mchoro hauna muhuri wa mhandisi, nakala ya hati haisomeki, au risiti ya kodi ya ardhi haipo. Maombi 60 yanabaki, na 54 kati yake yanajibiwa ndani ya muda. Taarifa ya robo mwaka inasomeka asilimia 90, na kitengo kinapongezwa kikaoni. Lakini ukihesabu tangu siku kila mwombaji alipofika masjala kwa mara ya kwanza, waliojibiwa ndani ya siku 14 ni 54 kati ya 100. Lengo halikufikiwa, na hakuna aliyedanganya kwa maana ya kughushi. Siku zilihesabiwa kuanzia pale jalada lilipotamkwa kuwa limekamilika, na anayetamka hivyo ni afisa yuleyule anayepimwa.

Jambo hili halitokani na uvivu wa Mwafrika, kama wengine wanavyopenda kudai. Huko Uingereza hospitali za umma ziliwekewa lengo kwamba mgonjwa wa dharura asikae zaidi ya saa nne katika idara ya dharura, na kufikia mwaka 2004 kiwango kilichotakiwa kilikuwa asilimia 98. Muda wa kusubiri ulipungua kweli, lakini wakaguzi na watafiti waliona pia wagonjwa wengi wakilazwa au kuruhusiwa katika dakika za mwisho kabla ya saa nne kutimia, na mahali pengine magari ya wagonjwa yakizuiwa nje ili saa isianze kuhesabiwa. Ukimpima mtu kwa saa ambayo ufunguo wake anao yeye, ataichezea saa hiyo, na mara nyingi ataichezea bila kujiona kuwa ametenda kosa.

Ukitaka kujua kama takwimu ya kitengo chako imeoza, usianze kwa kuwahoji watumishi, kwa sababu watakujibu kwa namna ya kujilinda. Fungua daftari la masjala, chukua majalada machache bila kuchagua, na ulinganishe tarehe ya kupokelewa mara ya kwanza na tarehe iliyoandikwa kuwa mwanzo wa kuhesabu. Kisha tazama idadi ya majalada yanayorudishwa mwezi hadi mwezi: ikipanda kadiri mwisho wa robo unavyokaribia, huku waombaji wakiwa walewale na nyaraka zilezile, unayo sababu ya kuuliza. Tazama pia siku ambazo vibali hutoka. Kazi ya kawaida hutawanyika, vingine siku ya sita, vingine ya kumi, vingine ya ishirini. Vikirundikana siku ya 13 na ya 14 halafu vikawa haba mno baada ya hapo, kuna anayeipanga tarehe.

Dawa ninayoipendekeza ni kutumia vipimo viwili vinavyovutana. Pamoja na siku 14, pima pia sehemu ya maombi yaliyorudishwa na sababu ya kila moja, na uhesabu siku zote tangu mwombaji alipofika masjala mara ya kwanza. Asilimia zako zitashuka mara moja, na itakubidi umweleze mkurugenzi mapema kwa nini zimeshuka, tena kwa maandishi, kabla hajaziona kwenye taarifa akadhani kitengo kimelala.

Hata hivyo, swali zito ni kwa nini afisa aliyarudisha majalada yale. Nilipofuatilia, niligundua kwamba kibali hakitoki bila kukagua kiwanja, na ukaguzi unahitaji gari na mafuta. Fedha za matumizi mengineyo zilikuwa zikifika pungufu na kwa kuchelewa, hivyo ofisi ilikuwa na uwezo wa kukagua viwanja vichache kuliko maombi yaliyoingia. Kurudisha jalada kwa sababu ya nakala isiyosomeka vizuri kulikuwa njia ya kupunguza foleni ambayo afisa hakuwa na njia nyingine ya kuipunguza.

Hapa ndipo ukosoaji mkubwa zaidi wa menejimenti mpya ya umma unapotugusa. Katika biashara, meneja hupewa lengo pamoja na mamlaka: anaajiri, anaachisha, anahamisha fedha kutoka fungu moja hadi jingine, anakodi gari. Anabanwa kwa matokeo kwa sababu ameachiwa njia za kuyafikia. Mkuu wa kitengo wa halmashauri haajiri wala hahamishi fungu, na ikama yake hupangwa mahali pengine. Sisi tuliazima kipimo tukaacha mamlaka yaliyoambatana nacho. Mwaka 1998 mtaalamu wa bajeti Allen Schick alizionya nchi zinazoendelea zisikimbilie kuiga mageuzi ya Nyuzilandi, kwa hoja kwamba mikataba ya namna ile huhitaji kwanza taratibu za fedha na za kisheria zinazotegemewa. Nadhani alikuwa sahihi, ingawa pia sioni kwamba tungepaswa kukaa tukisubiri hadi kila kitu kinyooke.

Fomu ya OPRAS ilikuwa na safu ya rasilimali zilizokubaliwa, na safu hiyo ndiyo niliyoiona ikijazwa kwa uzembe kuliko zote. Watu waliandika “vitendea kazi” wakaendelea. Usifanye hivyo. Andika rasilimali kwa kiasi: gari siku mbili kwa wiki, lita kadhaa za mafuta kwa mwezi, mkaguzi mmoja wa majengo. Ikifika mapitio ya nusu mwaka, mwezi wa Desemba, na rasilimali hizo hazikuja, rekebisha lengo rasmi kwa kuandika kilichoahidiwa, kilichofika, na lengo jipya linalolingana nacho. Bila kumbukumbu hiyo mtumishi anabeba peke yake upungufu uliotoka juu, na yale yanayoitwa makubaliano yanabaki kuwa amri yenye saini mbili.

Kuna kasoro ambayo mkuu wa kitengo hawezi kuitibu peke yake. Jengo lililo kando ya barabara kuu linahitaji maoni ya TANROADS, barabara za wilaya ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, usalama wa moto ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na miradi mikubwa hupitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kila taasisi ina malengo yake na mkataba wake wa huduma kwa mteja, na kila moja inaweza kutimiza ahadi yake huku mwombaji akikaa miezi. Safari nzima ya jalada haimo katika lengo la mtu yeyote. Nilichoweza kufanya ni kuomba kila taasisi itaje afisa mmoja wa kuwasiliana naye, na kuweka kumbukumbu ya siku ambazo jalada lilikaa nje ya ofisi yetu.

Neno mteja nalo linahitaji tahadhari. Mwombaji wa kibali anaonekana dirishani, anaandika malalamiko, na kasi inamfurahisha. Jirani yake ambaye mvua ikinyesha nyumba yake itajaa maji kwa sababu jengo limeziba mkondo hana dirisha, wala wapita njia watakaoangukiwa na ukuta hawana. Muuzaji dukani hamkatalii mnunuzi kwa ajili ya jirani. Ofisi ya vibali ipo hasa ili iweze kukataa. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, hakuna aliyeuliza kama kibali chake kilitoka ndani ya siku 14. Walioangalia vifusi walitaka kujua ukaguzi. Kwa hiyo, katika malengo ya afisa wa majengo weka idadi ya ukaguzi wa hatua za ujenzi, na usimpunguzie alama kwa maombi aliyoyakataa kwa sababu zilizoandikwa vizuri.

Kuhusu alama zenyewe nitasema machache. OPRAS ilitumia kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ilikuwa bora kabisa, na nilikopita karibu kila mtu alipewa 2, kwa kuwa mkuu hataki ugomvi na kupanda daraja kulitegemea zaidi muda kazini na fedha za bajeti. PEPMIS inadai majukumu yagawanywe vipande vidogo na kuripotiwa mara kwa mara, jambo linalopunguza alama za kupeana mwezi wa Juni, lakini huwafanya wengine wavunje kazi moja kuwa vipande vingi ili ionekane wamefanya mengi. Ukiidhinisha kazi kwenye mfumo, kubaliana kwanza na mtumishi kwamba kipande kimoja ni jalada lililofika mwisho, limekubaliwa au limekataliwa, na si barua iliyoandikwa wala kikao kilichohudhuriwa.