Kabla hujasaini haki za pekee za filamu yako

Filamu moja inaweza kuuzwa mara nyingi, kwa sababu kinachouzwa ni ruhusa. Ruhusa ya kuionyesha ukumbini ni bidhaa moja, ya kuiweka kwenye diski ni nyingine, ya kuirusha kwenye televisheni ni nyingine, na ya kuiweka mtandaoni kwa wanaolipia ni nyingine tena. Anayetaka haki za pekee anataka kuwa ndani ya eneo na muda mliokubaliana asiitumie ruhusa hiyo mtu mwingine yeyote, hata wewe mwenye filamu. Hapo ndipo watayarishaji wengi wa Bongo Movie walipoumia enzi za wasambazaji wa Kariakoo. Master, yaani nakala kuu ya filamu, ilikabidhiwa kwa malipo ya mara moja na haki zote zikaondoka nayo. Televisheni na YouTube zilipokuja kuzihitaji filamu zile, waliozitengeneza hawakuwa na cha kuuza.

Kwa hiyo ofa ikija, mimi huipigia hesabu ya vile vitakavyobaki mkononi mwangu. Tuseme jukwaa la mtandaoni linakupa milioni 5 kwa haki za pekee, njia zote, dunia nzima, miaka mitano. Wewe unarudi na pendekezo la milioni 3.5: haki za pekee za mtandaoni tu, Afrika Mashariki, miaka miwili. Umepunguza milioni moja na nusu, lakini maonyesho, diski na televisheni vimebaki vyako.

Sasa nenda Muheza au Korogwe. Ukumbi wa watu 150 kwa kiingilio cha shilingi 2,000 unaleta 300,000. Toa ukumbi 60,000, projekta, spika na mafuta ya jenereta 80,000, gari la matangazo 40,000. Zinabaki 120,000. Mlangoni wakati watu wanatoka, uza diski 30 kwa 5,000. Kila diski na jalada lake ikikugharimu 1,500, unabaki na 105,000. Miji kumi ya namna hiyo, diski zikiuzwa katika mitano ya mwisho tu, inakupa 1,725,000, na ukijumlisha na ile 3.5 umeshaipita ofa ya kwanza kabla hata televisheni haijaulizwa. Ukumbi usipojaa hesabu inabadilika haraka. Wakija 60 tu, kiingilio hakifikii gharama, ndiyo maana napeleka filamu kwanza mahali ambapo waigizaji wanajulikana au ilipopigwa.

Mpangilio wa tarehe una uzito wake. Jukwaa likidai kuwa la kwanza kuionyesha filamu, andikeni kuwa maonyesho ya ukumbini yanaruhusiwa hadi tarehe fulani, na litaiweka hewani baada ya hapo. Diski nazitoa mlangoni tu, mwisho wa onyesho, tena katika miji ya mwisho ya ziara. Diski iliyouzwa asubuhi, jioni iko kwenye flashi za vibanda vya kurekodi muvi, na mji wa jirani hautalipa kiingilio. Na usisahau cheti cha Bodi ya Filamu, maana filamu haionyeshwi hadharani kabla ya kukaguliwa na kupewa daraja.

Kifungu ninachokisoma mara mbili ni kile kinachosema muda unaanza lini. Mwenzangu mmoja alisaini miaka mitatu ya haki za pekee, na saa ikaanza kuhesabu siku ya saini. Kampuni ile haikuiweka filamu hewani, na yeye hakuweza kuionyesha hata shuleni kwao. Malipo yake yalikuwa asilimia ya mapato, na mapato hayakuwepo. Dai mambo mawili kwa maandishi: muda uanze siku filamu inapowekwa hewani, na isipowekwa ndani ya miezi sita tangu saini, haki zote zirudi kwako bila kudaiwa chochote. Kama unalipwa asilimia, dai pia ukomo wa gharama watakazokata kabla ya kugawana. Bila ukomo, matangazo na usimamizi vinaweza kumeza kila shilingi.

Maneno "njia zote zilizopo na zitakazobuniwa" naomba yafutwe, na mahali pake ziorodheshwe njia zilizonunuliwa. Mwisho wa orodha iandikwe kuwa kisichotajwa kinabaki kwa mtayarishaji. Vipande vya matangazo vitajwe pia. Mnunuzi akiisajili filamu kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua video zenye hakimiliki, trela yako mwenyewe inaweza kufungiwa au mapato yake kwenda kwake, nawe utakuwa umekubali kwa saini yako.

Kuhusu master, kwa ukaguzi natuma nakala yenye jina la mnunuzi limeandikwa katikati ya picha, ubora wa chini. Faili kamili linatoka malipo ya awali yakishaingia benki.