Mpangilio wa somo la maumbo

"Watoto wangu wana miaka minne. Nianze na kuchora, kupanga au kusaka maumbo?"

Kupanga kwanza, kisha kusaka, kuchora mwisho. Wapo wanaoshauri uanze na kuchora, na wako sahihi kwa watoto wa miaka sita. Kwa miaka minne wengi huweza kuchora duara, mraba ndiyo kwanza wanaujaribu, na pembetatu huja karibu na miaka mitano. Ukianza na kuchora, mkono unashindwa kabla jicho halijajifunza.

Kata vipande vya kadibodi kama 12 kwa kila watoto wanne, vyote rangi moja, la sivyo watapanga kwa rangi. Nusu ziwe pembetatu, na zisifanane: moja nyembamba ndefu, moja imeinama, moja kichwa chini. Changanya na kipande kimoja chenye ncha tatu ila upande mmoja umepinda. Muulize mtoto, "Kwa nini umeiweka hapa?" Akijibu "inafanana na paa", bado anaangalia sura. Mpitishe kidole pembeni, mhesabu pande pamoja. Mimi hutumia muda mwingi hapa kuliko kwingine kote.

Kwenye kusaka, waambie watafute uso wa kitu: mdomo wa kikombe ni duara, mpira ni tufe.

Kuchora, waanze kwa kuunda pembetatu kwa vijiti vitatu, ndipo wafuatishe kwa kalamu. Mraba kuuweka kundi moja na mstatili? Walimu tunabishana bado. Mimi huwaachia watoto waamue.