Gesi ikishuka, mkaa unauzwaje?

"Wakuu, gesi ikishuka bei, bei mpya ya mkaa naipataje? Na kipato kikipanda?"

Mkuu, tuchukue soko la kubuni Tandale, P ikiwa bei ya gunia kwa maelfu ya shilingi. Magunia wanayotaka wanunuzi kwa wiki: Qd = 300 − 2P. Magunia wanayoleta wauzaji: Qs = 2P − 60. Ukizisawazisha unapata P = 90, magunia 120 kwa wiki.

Gesi ikishuka, tuseme kwa kila bei wateja wanataka magunia 40 pungufu: Qd = 260 − 2P. Mlinganyo wa wauzaji usiuguse kabisa! Wengi hukosea hapa, wanaona wauzaji wanaleta kidogo na kudhani ugavi nao umehama. Haujahama, wanaitikia bei tu.

Kwa bei ya zamani, 90, yanaletwa magunia 120 na yanatakiwa 80. Yanabaki 40, ndipo wauzaji wanaanza kupunguza bei. Bei inavyoshuka, baadhi ya wateja wanarudi na baadhi ya wauzaji wanapunguza mzigo, mpaka 260 − 2P = 2P − 60, yaani P = 80, magunia 100. Mahitaji yalipungua 40, mauzo yamepungua 20 tu, kwa sababu bei imebeba sehemu ya mshtuko.

Kipato ni swali gumu zaidi, usikimbilie kusema mahitaji yanaongezeka. Kama familia zikipata hela zinaacha mkaa na kuhamia gesi, mkaa ni bidhaa duni, na bei yake itashuka tena. Kwa nyama, kwa kawaida, mahitaji yangepanda na bei pia.