Nyumba ya bati haipoi usiku? Lipe joto njia ya juu

Aliyelala kwenye nyumba ya bati Dodoma anaijua saa tatu usiku. Barazani unajifunga kitenge kwa baridi, ukiingia ndani unakuta joto la mchana bado limo. Kuta za tofali zililinyonya kutwa, sasa zinalitema. Madirisha yako wazi, ila yote yako usawa mmoja, na upepo ukitulia hewa haisogei.

Kwangu dawa ilikuwa dohani, kama ya kutolea moshi, ila hii haina moto chini yake. Hewa ya moto ni nyepesi; ikipata tundu juu inapanda na kutoka, na ya nje iliyopoa inaingia kwa madirisha kushika nafasi yake. Mvuto huo unategemea ndani kumezidi nje joto kiasi gani, na mdomo wa dohani uko juu ya madirisha kwa kimo gani.

Sebule yangu ni mita 5 kwa 4, dari liko mita 3, yaani mita za ujazo 60. Dohani ni sentimita 40 kwa 40, na mdomo wake uko mita 4 juu ya usawa wa katikati ya madirisha. Ndani kukizidi nje kwa nyuzi 6, hesabu inatoa kama mita za ujazo 430 kwa saa. Wavu wa mbu unapunguza, lakini hata ukitoa nusu, hewa ya sebule nzima inabadilika zaidi ya mara tatu kwa saa bila umeme.

Fundi atakwambia uirefushe. Kimo kikiwa maradufu, hewa inaongezeka kwa asilimia 40 hivi tu. Ukiongeza eneo la tundu maradufu, na madirisha yakatosha, hewa nayo inakaribia maradufu. Pesa yangu ningeiweka kwenye upana.

Dohani ianzie kwenye dari lenyewe na kutoboa bati. Wengi hutoboa matundu chini ya paa tu, dari likabaki limezibwa. Hapo unapoza kenchi, chumbani joto liko vilevile. Mdomo uwekewe kofia ya mvua iliyoinuliwa vizuri, isije ikaziba njia.

Kujua kama inavuta, washa udi karibu na dirisha usiku usio na upepo. Moshi ukiingia ndani, inavuta. Ukisimama tu, huenda kuna mlango uliofungwa katikati; ukitoka nje, nje kuna joto kuliko ndani. Ndiyo maana mchana mimi hufunga madirisha na mdomo wa dohani, nikafungua jua likizama. Dar es Salaam, ambako usiku wenyewe una joto, tofauti ni ndogo na usitegemee makubwa.

Na jiko la mkaa lisiwe ndani ya nyumba hiyo: dohani ikivuta kwa nguvu na madirisha yamebanwa, inaweza kuurudisha moshi wa jikoni hadi vyumbani, pamoja na ile hewa ya sumu isiyo na harufu.